Benchi la Bi Taratibu

Siku ya kwanza Bi Taratibu alipoingia kwangu nilimchukia, sikufichi. Mimi ni fundi cherehani, mikono yangu ina haraka na mdomo wangu una haraka zaidi, na huyu mama alitumia dakika nzima kuvua viatu. Akavipanga ukutani, kimoja kikaenda upande, akainama tena kukirekebisha. Halafu akakaa, akaniuliza nimelalaje, akanyamaza kusubiri jibu. Sasa wewe niambie, ni mtu gani husubiri jibu la swali hilo? Nikamwambia nimelala kitandani. Akaitikia kwa kichwa kama nimesema jambo la maana, akasema, "Afadhali."

Jina la Bi Taratibu nilimpa mimi, kwa ubaya. Yeye mwenyewe akalipenda, akajiita hivyo hata kwa wenzake, ikawa basi.

Huwa nawaambia watu niliwahi kuugua, nikaishia hapo. Ukweli ni kwamba nililazwa miezi miwili katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Nilikuwa nasikia watu wakinisengenya ndani ya cherehani, nikachukua mkasi nikakata gauni la harusi la mteja vipande vipande ili niwatoe. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Aliporudi akanikuta katikati ya vile vitambaa, akanibeba mwenyewe. Kwa mwenye gauni alisema mashine iliharibika. Mtaani alisema nimekwenda kumuuguza shangazi. Nilipotoka hospitali nilikuwa na vidonge vya kumeza kila siku, na shangazi aliyepona ghafla.

Hospitali ndiyo iliyoniunganisha na Tupo. Ni chama kidogo cha watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, wanaowatembelea majumbani waliotoka hospitali ile. Zamani kiliitwa kwa jina refu kama treni, maneno tisa, hata mwenyekiti wao alikuwa akilisoma kwenye karatasi. Mwaka juzi wakalifupisha: Tupo. Orodha ya wagonjwa anayo muuguzi wao peke yake, amefungia kabatini. Kila mgeni, ndivyo wanavyowaita hao wanaotembelea, anazijua nyumba zake tu.

Basi Bi Taratibu akawa anakuja kila Jumanne saa nne asubuhi. Dawa zangu anaziweka chini ndani ya mfuko, juu anaweka kipande cha kitambaa, ili anayemwona mlangoni ajue ni mteja wa fundi. Hilo alilibuni mwenyewe, sikumwomba. Anahesabu vidonge vilivyobaki, ananitazama macho, anauliza usingizi, kisha anakaa tu. Mimi nashona, yeye amekaa. Miaka sita tumekaa hivyo.

Kidogo kidogo nikamjua. Alikuwa mhudumu wa shule ya msingi, miaka ishirini na sita akifagia madarasa. Vipande vya chaki vilivyobaki sakafuni alikuwa akiviokota, na watoto wakishaondoka anachora ubaoni, kisha anafuta mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini anafuta. Akasema ubao ulikuwa wa mwalimu. Nyumbani anaishi na binti yake na wajukuu, na binti akimwona na kalamu humuuliza kama mchele umeshachaguliwa. Kwa hiyo alikuwa anachorea kwangu. Chaki yangu ya kukatia nguo ikamwishia mkononi yeye zaidi kuliko ilivyoniishia mimi, na mabaki ya vitambaa yalijaa nyuso, kuku na mikono ya watu.

Mwaka jana mtu mmoja alijifanya mgeni wa Tupo, akaingia kwa mzee mmoja, akamhoji afya yake kwa heshima zote, akatoka na redio yake. Mzee hajui kusoma, na hata angejua, hapakuwa na cha kusoma. Tupo hawakuwa na nembo. Kamati ikaamua iwepo, ichapwe kwenye mifuko, kwenye mhuri na kwenye vibao, na kila mgeni lazima aibebe mlangoni. Asiye nayo asifunguliwe.

Habari za kamati nilikuwa nazipata bila kuzitafuta, maana katibu wao ni mteja wangu. Ni mama mmoja mstaafu wa posta, mnene, mcheshi, ana roho nzuri na hana siri. Hakujua hata kidogo kwamba mimi ni mgonjwa wao. Alikuwa akisimama mbele ya kioo changu huku nimembana kwa pini, ananimwagia kikao kizima.

Nembo ilimtoa jasho kila mtu, alisema. Walimpata binti wa duka la mihuri na mabango, mwenye akili zake. Akawaeleza kwamba wana njia mbili. Wanaweza kuandika jina lao tu, herufi tupu, zipangwe vizuri zitambulike kwa umbo lake. Zamani lile jina refu lisingekaa hata kwenye mhuri bila herufi kuwa ndogo kama wadudu, lakini Tupo ni herufi nne, zinasomeka hata zikiwa ndogo kama ukucha. Au wanaweza kuwa na alama, yaani mchoro. Mchoro unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na asiyejua kusoma anaushika. Ila mchoro peke yake ni bubu mpaka watu wazoeshwe, na hapo, alisema yule binti, watu ndio wataamua unasema nini. Kamati haikulisikia hilo la mwisho. Walikuwa wanamfikiria mzee wa redio. Wakataka alama, wakasema kila mgeni alete mchoro.

Jumanne hiyo Bi Taratibu alichukua chaki yangu, akasogeza nguo za watu pembeni mwa meza ya kukatia, akachora. Nilikuwa nashona mifuko ya suruali, sikumjali. Alichora benchi. Mtu mmoja amekaa ameinamisha kichwa, na mwingine amekaa kando yake, mkono mmoja umelala mgongoni mwa mwenzake. Mistari minane, nilihesabu baadaye. Hakuna macho wala mdomo, lakini ulikuwa ukijua kabisa kwamba huyu wa pili hasemi kitu. Nilisimamisha cherehani. Nikamwambia, "Umetuchora."

Akasema, "Wewe hujawahi kuinama hivyo. Wewe ungekuwa unanitukana."

Akaunakili kwenye karatasi, akaenda nao. Na ule wa mezani nilichelewa kuufuta, nikawa nakatia nguo upande mmoja siku tatu.

Haya, ukashinda. Binti wa mihuri aliujaribu kila namna, Katibu ananieleza huku ameinua mikono nimpime kwapa. Akaupunguza ukawa kama kidole gumba, ukabaki benchi. Akautoa fotokopi ya fotokopi, ukabaki benchi. Akaupeleka kwa mtu wa mashine ya kudarizi, akarudi akisema nyuzi zimekubali, hakuna mstari mwembamba wa kukatika. Akasema hajawahi kuletewa kitu kama hicho na mtu asiyesomea. Bi Taratibu alikuwepo, na Katibu anasema alijishika shavu kama anaumwa jino. Jumanne iliyofuata alikuja kwangu amevaa kilemba kipya. Viatu alivivua kwa sekunde tatu.

Kabla ya kuupitisha rasmi wakaamua kuujaribu kwa watu. Wakabandika bango ukutani pale zahanati, benchi kubwa upande mmoja, herufi za TUPO upande wa pili, na chini yake maelezo kwamba chama hiki kinawatembelea waliotoka hospitali ya akili. Mitungi miwili mezani, kila mtu atie harage kwenye mtungi wa anachokipenda. Na wageni wakapewa mifuko ya majaribio yenye benchi, watembee nayo wiki tatu.

Mtungi wa benchi ulijaa, mwingine ulikuwa na maharage ya kuhesabika. Mwenyekiti alifurahi mpaka akapiga picha mitungi. Alama mpya, anasema, huwachukua watu miaka kuizoea, hii wameishika kwa wiki moja.

Waliishika kweli. Wiki hiyo mwanangu, yuko darasa la sita, alirudi kutoka shule anacheka. Nikamuuliza kuna nini. Akasema kuna msichana wamemwambia kwao kuna benchi, akalia. Nikamuuliza benchi maana yake nini. "Mama nawe! Si lile la vichaa. Yule bibi mwenye mfuko akiingia nyumba, ujue humo kuna kichaa." Akaendelea kucheka, na mimi nikacheka naye, Mungu anisamehe, nikacheka kwa sauti ili asinitazame usoni.

Jumanne niliona mfuko kabla sijamwona mwenyewe. Benchi jeusi kwenye kitambaa cheupe, linakuja upande ule wa pili wa barabara, na kila aliyekaa kibarazani akigeuza shingo kuona litaingia wapi. Nilifunga mlango. Nikavuta pazia, nikakaa sakafuni nyuma ya cherehani. Alibisha mara tatu, kwa nafasi, kama anavyofanya kila kitu. Halafu nikasikia viatu vyake vikiondoka.

Vidonge vyangu viliisha Alhamisi. Jumamosi nilianza kusikia cherehani ikinong'ona, au nilidhani nimesikia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nikajifunika khanga nikaenda mpaka kwake, mara ya kwanza maishani. Alikuwa anachagua mchele. Alinipa dawa kwanza, maji ya pili, kiti cha tatu. Ndipo nikafungua mdomo wangu huu. Nikamwambia nyumba yangu inakula kwa mkono wangu, kwamba hakuna mama atakayeniachia binti yake nimpime kifua akijua nilichofanya na mkasi. Nikamwambia mwanangu anawacheka wenye benchi. Nikamwambia akija tena na mfuko ule sifungui, hata nikifa humo ndani.

Alisikiliza. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama mchoro ni mbaya.

"Ni mzuri," nikasema. "Ndiyo maana kila mtu anautazama."

Akaendelea kuchagua mchele, punje moja moja, na mimi nikaondoka na hasira zangu na vidonge vyangu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Katibu siku kumi baadaye. Alikuja kujaribu gauni lake la kuvaa harusini kwa mpwa wake, la buluu, mikono mirefu, ambalo lilitakiwa Ijumaa. Nilikuwa nimepiga magoti, pini sita mdomoni, naweka pindo.

"Fundi, usiombe," akaanza. "Yule bibi yetu wa benchi ametuaibisha."

Kikao cha kupitisha nembo kilikuwa kinaelekea kuisha vizuri, anasema, bado kupiga kura tu. Bi Taratibu akanyoosha mkono. Akasema yeye ameona waandike jina tupu. Wakacheka, wakadhani ni unyenyekevu. Akasema mchoro utaziba kwenye mhuri. Binti wa mihuri akasema hauzibi, ameujaribu, na ukiziba ataunenepesha. Basi akasema kuna watu hawapendi nyumba zao zijulikane kwa mbali. Herufi nne kwenye mfuko hazimwiti mtu wa ng'ambo ya barabara. Mifuko yote mjini ina maandishi.

Hapo Mwenyekiti akasimama, akasema neno ambalo mimi mwenyewe, ningekuwa mzima, ningelipigia makofi. Alisema ugonjwa huu si aibu. Alisema kila tukijificha tunawaambia watu kwamba kweli ni aibu. Waacheni watoto waseme benchi, kesho watakua, na benchi litakuwa jambo la kawaida.

"Maneno mazuri," Katibu akasema. "Mimi nililia. Halafu Mwenyekiti akamuuliza, nani hasa amelalamika? Bibi kimya. Mwenyekiti akasema wewe nyumba zako si nyingi, tunajua mitaa yako. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Wa nyuma ya soko hana shida, kila mtu anamjua. Yule wa karibu na kinu ndiye aliyeomba kibao mlangoni. Wale ndugu wawili wameshasema hata redioni. Akasema, na mtaa ule mwingine… ni mtaa wako huu, fundi. Hata mtaani humu anakuja, sijui kwa nani."

Pini zilikuwa zimenichoma ulimi, sikuzisikia.

"Bibi akadakia. Akasema, 'Mchoro si wangu.' Akasema aliutoa kwenye kalenda ya zamani, aliunakili, akaona haya kusema. Tukamuuliza kalenda ya nani, ya mwaka gani. Akasema ilishatupwa. Fundi, yule binti wa mihuri aliinamisha kichwa. Akasema basi haiwezekani, alama ya mtu hatuwezi kuibeba, siku mwenyewe akitokea tutavua kila kitu. Ikaisha hapo. Tumepitisha jina tupu, TUPO, nyeusi kwenye nyeupe. Wasiosoma tutawapelekea wageni wao mmoja mmoja wawajue sura, na kitambulisho chenye picha."

Nikatoa pini mdomoni, nikauliza yeye bibi amefanywaje.

Katibu akashusha pumzi. Mwenyekiti amemwambia apumzike kwanza. Chama kinachoingia vyumbani kwa watu wagonjwa hakiwezi kumtuma mtu mwongo, na kusema kweli hata yeye Katibu ameona ni sawa. Watamtafutia mtu mwingine wa nyumba zake. Kuna dada mmoja kijana, mchangamfu sana. "Miaka yote ile," akasema, "kumbe anatuchezea. Na kilemba kipya akanunua."

Nilikuwa nimeshika pindo la gauni lake. Nakumbuka nililitazama lile pindo nikaona nusu yake imekaa sawa na nusu bado. Nikaona pia, wazi kabisa, kwamba nikinyamaza mambo yangu yatanyooka. Mfuko utakuja na herufi nne, hakuna atakayegeuza shingo, dada mchangamfu atanihesabia vidonge. Alinipangia vizuri yule mama. Alichohitaji kutoka kwangu ni kimya tu, na kimya ni kitu ambacho hata yeye alijua sinacho.

Nilijua vilevile kwamba ukimwambia Katibu, umewaambia watu wote mpaka mwisho wa barabara.

"Hakunakili," nikasema.

"Nani?"

"Huyo bibi. Hakuna kalenda. Aliuchora hapo," nikamwonyesha meza, "kwa chaki yangu, mimi nikiwa nimekaa hapa. Mistari minane. Nilimwona wa kwanza mpaka wa mwisho."

Katibu akaitazama meza, akanitazama mimi kwenye kioo. Akauliza bibi alikuwa anafanya nini kwangu. Aliuliza bila kufikiri, na kabla hajamaliza nikaona uso wake unabadilika, kwa sababu si mjinga.

"Jumanne saa nne," nikasema. "Mwaka wa sita huu. Bibi alikuwa ananificha mimi. Kidole cha Mwenyekiti kilikuwa kinafika kwangu, ndiyo akasema uwongo. Mwambieni Mwenyekiti nimesema mimi. Jina langu litajwe, sawa. Lakini nembo ibaki herufi tupu, msije mkarudisha benchi kwa kunionea huruma, maana kuna wengine ambao hawajaamua kama mimi. Na mtu wangu mumsafishe. Mumsafishe mbele ya wale wale waliomsikia."

Nilisema yote nimepiga magoti. Katibu, ambaye tangu nimjue hajawahi kukaa kimya muda wa kutia uzi kwenye sindano, alisimama mbele ya kioo ndani ya gauni la buluu lililojaa pini, hawezi kukaa, hawezi kuondoka, hawezi hata kunigusa bila kujichoma. Nikasubiri aseme nimtoe. Mkasi mkubwa ulikuwa sakafuni kati yetu, nikaona anauangalia, na yeye akaona nimemwona. Nikauacha palepale.

Baada ya muda akageuka kidogo, ule upande ambao haujawekwa pindo ukaja mbele yangu.

"Kwa hiyo Ijumaa litakuwa tayari?" akauliza.

Nikamwambia litakuwa tayari Alhamisi.